Ukurasa wa matembezi Old Moshi: utafsiriwe tu, au uandikwe upya kwa Kijerumani?

Mtaa_wa_Rindi: Wakuu, nina ukurasa wa matembezi ya kutwa Old Moshi: maporomoko, kahawa, mti aliponyongwa Mangi Meli. Upo kwa Kiswahili, nataka na Kijerumani. Mtafsiri bei yake nafuu, mwandishi wa kuandika upya anadai mara tatu yake. Nimchukue yupi?

Kipepeo: Wajerumani wa wakala au wanaokuja wenyewe? Na bei umeweka?

Mtaa_wa_Rindi: Wenyewe, wengi wametoka kupanda mlima. Bei sijaweka, wanapiga simu.

Binti_Marangu: Uandikwe upya. Mswahili akiona namba anapiga, mnaelewana. Mjerumani anasoma akiwa kwao, na asipoona bei na kilichomo ndani yake, anahamia kwa mwingine.

Kampuni niliyowahi kufanyia kazi iliandika "matembezi mepesi" kwa lugha zote. Wageni wa Dar walikuja na raba, wakateleza, wakashikwa mkono, wakavuka wakicheka. Kundi la Wajerumani, likiwa na mama mwenye goti bovu, liligoma katikati ya mteremko. Tope, mwendo wa saa nne badala ya saa mbili. Walitaka fedha zao, na wakaonyesha sentensi yenyewe kwa kidole. Kwao kilichoandikwa ni ahadi. Siku hizi naandika saa za kutembea bila mapumziko, mita za kupanda na kushuka, na kwamba Machi hadi Mei kuna tope.

Dogo_Tanga: Kwa hiyo Mjerumani mpe jedwali, Mswahili mpe picha. Basi.

Binti_Marangu: Jedwali sawa. Lakini Mswahili naye anasoma, ila anatafuta mengine: bei ya raia kwa shilingi, watoto wanalipaje, chakula kipo, usafiri wa kutoka stendi ya Moshi.

Mpemba_Halisi: Mimi nina nyumba ya wageni Pemba. Jina la tovuti liishie .de au .co.tz?

Kipepeo: Fungua uzi wako, ndugu.

Dogo_Tanga: Mangi Meli mwondoe kwenye Kijerumani. Mtu yuko likizo, unamkumbushia kunyonga watu mwaka 1900?

Kipepeo: Hapana kabisa. Rais wao Steinmeier mwenyewe aliomba msamaha Songea mwaka 2023. Andika wazi nani alimnyonga, lini, na kwamba ukoo bado unatafuta fuvu lake. Kinachowaudhi ni kuliita jambo hilo "historia ya kuvutia". Kwa Kiswahili anza na Meli mwenyewe, mwana wa Mangi Rindi, siyo na Wajerumani.

Dogo_Tanga: Bado naona utapoteza wateja.

Mtaa_wa_Rindi: Na mbege niitaje?

Binti_Marangu: Kwa Kijerumani taja ndizi na ulezi, maana wapo wasiokula ngano. Kwa Kiswahili ongeza kwamba juisi ipo, familia za Kiislamu zisijione hazikualikwa.

Mtaa_wa_Rindi: Sawa, ila bei ya mwandishi bado inanitisha.

Kipepeo: Huyo mwandishi amewahi kuitembea njia yenyewe?