Modeli ya bombomu kwa maonyesho: mtutu unaorudi, gesi, au msukumo wa ganda?

Mchongaji77: Wakuu, natengeneza modeli ya mbao iliyokatwa ubavuni ili watu waone bombomu linavyojiendesha ndani. Nina nafasi ya modeli moja tu. Nimebaki na tatu: Maxim, Bren na Schwarzlose. Nichague ipi? Mbao nanunua wiki hii.

Bi_Springi: Watazamaji ni nani? Wataizungusha kwa mkono au wataitazama tu? Na ukubwa je? Bila hayo tutakuwa tunakisia.

Kombo_wa_Zamani: Chukua Bren bila kufikiri mara mbili. Gesi ndiyo mfumo pekee wa maana, hayo mengine ni ya kale.

Bi_Springi: Kombo, taratibu. Mifumo yote mitatu inajibu swali moja: bolti, kile kipande kinachoziba nyuma ya mtutu, ifunguke lini? Baruti ikiwaka, ganda la risasi linabanwa kwenye kuta za chemba kwa shinikizo kubwa mno. Ukifungua mapema ganda linapasuka, na gesi ya moto inamrukia mpigaji. Kwa hiyo lazima kitu kicheleweshe mpaka risasi itoke mtutuni na shinikizo lishuke.

Katika Maxim, ya mwaka 1884, mtutu na bolti vimefungwa pamoja na vinarudi nyuma pamoja kipande kifupi. Kiungo kilicho nyuma ya bolti kimenyooka kama goti la mtu aliyesimama wima, ndiyo maana hakikunjiki kwa kusukumwa. Vikiisha kurudi, mkono wa nje unagonga kizuizi, goti linakunjika, bolti inaachana na mtutu na kuvuta ganda.

Bren mtutu wake haurudi hivyo. Una tundu dogo. Risasi ikishalipita, gesi kidogo inashuka kwenye silinda iliyo chini na kusukuma pistoni. Pistoni ikisafiri kidogo inateremsha mkia wa bolti, kufuli linafunguka.

Schwarzlose haina kufuli kabisa. Ganda lenyewe linaisukuma bolti. Bolti ni nzito, viungo vyake vimepangwa vibaya makusudi ili mwanzoni visukumike kwa shida, na mtutu umefupishwa ili risasi itoke mapema.

Mchongaji77: Kumbe! Watazamaji ni wanafunzi wa sekondari, wataizungusha kwa mkono.

Kombo_wa_Zamani: Nimetumia Bren jeshini, acheni niseme. Tulikuwa kwenye zoezi la risasi, silaha ikaanza vizuri, kisha ikawa inapiga moja na kusimama. Ukivuta mkono wa kukokia unakuta bolti imerudi nusu njia, haikufika mahali pa kuokota risasi inayofuata. Mwenzangu akadhani magazini ndiyo mbovu, akabadilisha magazini mbili, hali ileile. Sajini akaja, akageuza kirekebishi cha gesi kwenye tundu kubwa zaidi, maana yapo manne ya ukubwa tofauti, ikaendelea. Jioni tuliipasua, masizi magumu yamejaa kichwa cha pistoni na matundu yenyewe. Tuliyakwangua mpaka vidole vikauma. Dalili yake ni hiyo: inachoka polepole, haivunjiki ghafla.

Mwana_Historia: Hapo nakubali. Lakini MG42 ya Wajerumani ilikuwa ya gesi na ilipiga takriban risasi 1200 kwa dakika.

Bi_Springi: Nusu sahihi. Mtutu wake unarudi nyuma, na kufuli lake ni la rola mbili. Kile kikombe mdomoni kinanasa gesi, kweli, lakini gesi hiyo inasukuma uso wa mtutu ili urudi kwa nguvu zaidi. Haiendeshi pistoni.

Mwana_Historia: Kama gesi inasaidia, mimi naiita ya mseto.

Bi_Springi: Ukiondoa kikombe, bado kinachofungua kufuli ni mwendo wa mtutu.

Juma_Magia: Kwa nini msitumie Gatling? Ina mitutu mingi, watoto wataipenda.

Kombo_wa_Zamani: Juma, ile inazungushwa kwa mkono. Nguvu haitoki kwenye risasi, na hapo ndipo swali lilipo.

Bi_Springi: Mchongaji, mimi naona Maxim. Kishikio kimoja kinarudisha mtutu na goti linakunjika mbele ya macho yao. Kwenye Bren utalazimika kuwaeleza gesi isiyoonekana.

Kombo_wa_Zamani: Paka njia ya gesi rangi nyekundu, itaonekana.

Mwana_Historia: Na Schwarzlose? Matoleo ya kwanza yalikuwa na pampu ndogo iliyopaka risasi mafuta ili ganda lising'ang'anie chemba. Hilo hulioni kwenye hizo nyingine mbili.

Mchongaji77: Sasa mmenichanganya. Goti la Maxim nilichonge kwa mti gani usichanike kwenye pini?

Juma_Magia: Mninga.

Kombo_wa_Zamani: Mninga kwenye pini? Weka bushi ya shaba kwanza.