Kengele ya moto inalia ovyo kwenye nyumba ya wageni, Lubumbashi. Nifanye nini?

MamaWaWageni
Hamjambo ndugu. Naongoza nyumba ya wageni ya vyumba 18 hapa Lubumbashi. Tangu kiangazi kianze, kengele ya moto imelia mara 11 katika wiki tano, na moto haujaonekana hata mara moja. Wageni sasa hawatoki tena vyumbani. Juzi nilikuta mlinzi wa usiku amechomoa waya wa sirene. Nilimwomba aurudishe, lakini namwelewa. Paneli ni ya zamani, ina taa nne tu, moja kwa kila zoni, yaani sehemu ya jengo. Nipunguzeje hizi kelele bila kuhatarisha watu?

Kolo_Katuba
Mama, ni rahisi. Mwite fundi apunguze ukali wa detekta. Kwetu ofisini walifanya hivyo kwenye paneli, ikatulia.

Bijou_Goma
Hata yangu nyumbani inasumbua! Inatoa "pii" moja kila baada ya muda, usiku kucha. Nimefukiza chumba nikidhani ni wadudu.

FundiNyaya
Dada Bijou, hiyo "pii" ya mara moja ni betri imechoka. Badilisha betri, ni shida tofauti na ya Mama.

Yaya Kolo, ulivyosema ni kweli kwa paneli zinazoijua kila detekta kwa namba yake. Paneli ya zoni nne haina hiyo nafasi: ukali wa detekta uliwekwa kiwandani.

Mama, swali langu: kengele ikilia, mlinzi anafanya nini kwanza?

MamaWaWageni
Anabonyeza kitufe cha kurudisha paneli, kelele inakwisha, analala.

FundiNyaya
Hapo ndipo ushahidi unapotea. Detekta iliyolia huwasha taa yake nyekundu na kubaki imewaka mpaka paneli irudishwe. Akirudisha kabla ya kutazama, hamtajua kamwe ni ipi kati ya zote za zoni ile. Aanze na kitufe cha kunyamazisha sauti, atembee zoni nzima akikagua kama kuna moto, atafute taa nyekundu, ndipo arudishe. Wekeni daftari kando ya paneli: saa, zoni, detekta ya wapi, na nini kilikuwa kinafanyika karibu yake. Wiki mbili zinatosha kuanza.

MamaWaWageni
Narudi na daftari. Siku 14, kengele tano. Tatu ni detekta ileile ya korido mbele ya chumba 7, zote kati ya saa 11 na nusu alfajiri na saa 12 na nusu. Mlango wa bafu la pamoja uko chini ya mita moja kutoka pale. Ya nne ni korido ya nyuma, saa 8 usiku: mlinzi aliingiza mbabula ndani kwa sababu ya baridi. Ya tano, zoni 2, hakukuwa na taa nyekundu popote.

FundiNyaya
Umefanya kazi nzuri sana. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba watu wanaoga maji ya moto, mlango unafunguliwa, mvuke unapanda moja kwa moja kwenye detekta. Ndani yake kuna mwanga mdogo, na kitu chochote kinachoutawanya kinasomeka kama moshi: mvuke, hata vumbi. Vumbi letu jekundu la kiangazi likijikusanya humo, detekta inakuwa imeshafika nusu ya njia, na mvuke kidogo unamalizia. Ndiyo maana masika hamkusumbuka hivyo. Kwa hiyo mambo mawili: ifyonzwe vumbi kwa mashine yenye brashi laini, kisha ijaribiwe, halafu fundi aisogeze mbali na bafu, ila bado iilinde korido. Usikubali kuibadilisha kwa detekta ya joto hapo. Ile inafaa jikoni, lakini kwenye njia ya watu waliolala itachelewa.

Mbabula, hapana. Hiyo kengele ilifanya kazi yake. Hewa ya makala inaua watu waliofunga milango, na detekta ya moshi haiioni hewa hiyo. Mtafutie mlinzi koti nzito na blanketi.

Kolo_Katuba
Na kuchelewesha sirene dakika mbili tatu ili mlinzi akague kwanza? Kwetu iko hivyo.

FundiNyaya
Paneli nyingine zinaruhusu. Mchana wakiwepo wafanyakazi, sawa, mradi kitufe cha kuvunja kioo, kile cha ukutani mtu anachobonyeza akiona moto, kilie papo hapo. Usiku, na mlinzi mmoja ambaye anaweza kuwa getini, mimi nisingeweka.

Kolo_Katuba
Mimi ningeweka. Wageni wakizoea kelele za bure, hata dakika sifuri haiwasaidii.

MamaWaWageni
Detekta imesafishwa jana, kuisogeza ni Jumatano. Mlinzi nimempa koti. Je, ile ya zoni 2 isiyo na taa?

FundiNyaya
Anza na vitufe vya kuvunja kioo vya zoni hiyo, kimoja kimoja: huenda kuna kilichobonyezwa. Kama vyote ni salama, fundi apime nyaya, hasa palipopita maji. Ulikuwa umeosha sakafu au ukuta siku ile?

MamaWaWageni
Tulipaka rangi ukuta wa ngazi. Kitufe kiko hapohapo. Ngoja nikakitazame.