Mafuta ya soseji yanayobaki kikaangoni, nayatoaje kwenye hesabu ya makro?

Fatma_Shella
Assalaam alaykum wadau. Niko Malindi, napunguza mwili, na kila ninachokula napima makro yake. Kinachonitatiza ni soseji. Pakiti ya soseji za ng'ombe ninazonunua imeandikwa kwamba gramu 100 zina protini 12, mafuta 20 na wanga 6. Asubuhi nakaanga nne, na zikiwa mbichi zina gramu 200. Sitii mafuta kikaangoni, lakini zikiiva nakuta mafuta yametuama chini, na hayo siyali. Nikiandika gramu 40 za mafuta kama pakiti inavyotaka, naona najihesabia nisichokula. Niyatoeje?

Kaka_Ngomeni
Wa alaykum salaam dadangu. Zipime mbichi, kisha zipime zikishaiva. Uzito uliopungua ndio mafuta yaliyotoka. Zidisha mara 9, toa kwenye kalori.

Mpishi_Casuarina
Kaka, hiyo 9 ni sawa, gramu ya mafuta ina kalori 9. Lakini uzito unaopungua si mafuta matupu, sehemu kubwa ni maji yanayotoka na mvuke. Tuseme hizo nne zimeiva na kubaki gramu 160. Zimepungua 40. Kwa njia yako mafuta yote 40 yameisha, yaani soseji haina hata tone, na kila aliyewahi kuing'ata soseji anajua haiwezekani.

Dada Fatma, pima kikaango badala ya soseji. Kipime kikiwa kikavu, andika. Kaanga kwa moto wa wastani, mafuta yasiruke kwenye jiko, maana yaliyoruka huyapati tena. Ukishatoa soseji, kiache motoni kidogo mpaka ile sauti ya kuchachatika ikome. Sauti hiyo ni ya maji, na ukipima kabla hayajaisha utayahesabu kama mafuta. Kisha kiache kipoe, kwani joto huharibu mizani, halafu pima tena. Kilichozidi ndicho cha kutoa. Patakuwa na ukoko kidogo umeganda chini, usikusumbue. Protini na wanga ziache kama zilivyo, karibu zote hubaki ndani ya soseji.

Mama_Barani
Samahani wanangu, nauliza hivi: mafuta hayo yakimwagwa, chumvi nayo inatoka? Mzee wangu ana presha na soseji haziachi.

Mpishi_Casuarina
Shikamoo mama. Chumvi haiyeyuki katika mafuta, kwa hiyo ukiyamwaga yeye bado anaila karibu yote. Kwa mzee dawa ni kupunguza idadi ya soseji.

Fatma_Shella
Nimejaribu leo. Kikaango kikavu gramu 850, baada ya kukaanga 858. Kwa hiyo 8 tu! Nilidhani ni mengi zaidi, kwa macho yalionekana kama nusu kikombe cha kahawa. Kwa pakiti nilikuwa na protini 24, mafuta 40, wanga 12, jumla kalori 504. Nikitoa 8 mara 9, ambayo ni 72, nabaki na mafuta 32 na kalori 432. Ni sawa?

Mpishi_Casuarina
Sawa kabisa. Soseji ina ngozi na mara nyingi unga au soya ndani, vinavyoshika mafuta, ndiyo maana hazitoi mengi. Bekoni ni kinyume chake. Ni vipande vyembamba vyenye mafuta waziwazi, na ikikaangwa mpaka ikauke hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, mafuta yakiwa sehemu kubwa. Huko kupima kikaango kunabadilisha hesabu kweli kweli.

Na kwa bekoni kuna mtego. Kwenye programu ya simu utakuta `bacon, raw` na `bacon, cooked`. Ukichagua `cooked`, pima iliyoiva na usitoe chochote, kwa sababu mafuta yaliyotoka yameshatolewa. Ukichagua `raw`, pima mbichi kisha toa ya kikaangoni. Ukichanganya, unayatoa mara mbili.

Kaka_Ngomeni
Na nikitia mafuta yangu ya kupikia? Halafu mayai nayakaanga humo humo.

Mpishi_Casuarina
Andika mafuta ya pakiti, ongeza uliyotia, toa yaliyobaki kikaangoni mwisho kabisa. Ukitia gramu 10 na zikabaki 12, zilizotoka kwenye soseji ni 2 tu. Na mayai yakinywa yale yaliyobaki, umeyala. Kwa hiyo pima baada ya mayai.

Fatma_Shella
Nyumbani wakati mwingine tunakaanga soseji na bekoni ya ng'ombe pamoja, na bekoni mimi siili. Nigawe vipi?

Mpishi_Casuarina
Ukigawa kwa uzito utajipunguzia kupita kiasi, maana bekoni ndiyo itakuwa imetoa mengi. Njia nzuri ya kugawa sijaipata. Mimi ningezikaanga mbali mbali. Aina ile ile ya soseji, moto ule ule, pima mara chache kisha tumia wastani. Ukibadilisha aina, pima upya.

Kaka_Ngomeni
Kwa kalori 72 mimi naandika ya pakiti tu na naendelea. Afadhali nizidishe kuliko nipunguze.

Fatma_Shella
Kila siku 72 kwangu ni nyingi, kakangu. Napanga kula 1,500.