Mrejesho: Rangi za matangazo yetu ya jahazi

Niliuliza: “Matangazo ya safari zetu za jahazi hapa Shela yanaonekana kama ya watu watano tofauti. Nianzie wapi?”

Nawashukuru nyote. Nilianza na rangi, na hapo ndipo kosa langu lilipojitokeza, kwa kuwa feruzi #40C4C4, niliyoichukua kwenye picha ya bahari, ilipendeza sana lakini maandishi meupe juu yake hayakusomeka simu ikiwa juani. Nilipopima utofauti wa mwanga nilipata takriban 2.1 kwa 1, ilhali kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa za mtandao zinazosomeka na wote, kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Sasa feruzi imebaki kwa mistari na mapambo, nayo maandishi meupe hukaa juu ya buluu iliyoiva, #1B4965, inayofikia takriban 9.6.

Fonti ni moja tu, Poppins, nzito kwa vichwa na ya kawaida kwa maelezo.

Violezo ni viwili, cha safari na cha bei. Nimefunga nembo na ukanda wa buluu mahali pake, ili mdogo wangu anayechapisha nisipokuwapo abadilishe picha na maneno pekee. Ukanda huo umefaa hasa kwa picha za machweo, ambazo awali zilimeza maandishi yote.