Mtori wangu umeitwa kazi ya mashine. Bosi ana haki ya kutupima hivi?

Mama_Kibosho (mleta mada)
Wakubwa shikamooni. Nipo ofisi moja ya kupandisha wageni mlima, hapa Moshi. Mkurugenzi kapata kile kipimo cha kugundua maandishi ya akili mnemba, kilekile ambacho shule ya mwanawe inakagulia insha. Sasa anapitisha humo barua pepe zetu pamoja na kijitabu cha mapishi nilichoandikia wageni kwa Kiingereza. Mtori umetoka asilimia 96 mashine, na posho ya kijitabu imesimamishwa. Mapishi yale yapo kwenye daftari langu la 2016! Je, ni haki ofisi kutumia kitu hiki kwa wafanyakazi?

Mwl_Mstaafu
Binti yangu, nimesimamia insha miaka mingi. Kipimo cha shuleni kwetu kiliwanasa vijana wanne na wote walikiri. Asiyeiba haogopi kupekuliwa.

Chuga_Kaloleni
Mtori wenyewe ni uji wa nyama tu. Hata kalkuleta ingeandika hayo mapishi 😂

Mama_Kibosho
Wewe wa Kaloleni, umelelewa na nani? Uji wa nyama? Mama yako alipojifungua alipewa nini, chipsi mayai?

Njiro_Takwimu
Chuga katania, lakini kagusa penyewe bila kujua.

Vipimo vingi vya aina hii huangalia neno linalofuata linatabirika kiasi gani. Mashine huandika maneno yanayotabirika, binadamu hurukaruka. Waliokirekebisha kipimo walichukua rundo la insha za wanafunzi na rundo la insha za mashine, wakachora mstari mahali ambapo wanafunzi wachache mno wanaangukia upande mbaya. Mstari huo umepimwa kwa insha.

Sasa soma mapishi: "Menya ndizi. Kata vipande. Weka kwenye sufuria, mimina maji, chemsha hadi..." Hata mtoto anajua linalofuata ni "ziive". Mapishi yanatabirika kwa asili yake, awe kaandika bibi au mashine. Kwa hiyo rundo zima la mapishi ya watu limesogea kuelekea upande wa mashine, ila mstari umebaki palepale pa insha. Mama Kibosho hajaandika kama mashine. Kaandika kama mpishi.

Mwl_Mstaafu
Kwa hiyo unasema mimi niliwaonea wale vijana?

Njiro_Takwimu
Hapana mwalimu, shikamoo. Nasema kipimo chako kilikuwa nyumbani kwake, kwenye insha. Ingawa hata kwenye insha kuna mashaka: 2023 watafiti wa Stanford walipitisha insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, kwenye vipimo saba. Kwa wastani zaidi ya nusu ziliitwa za mashine. Msamiati wao ulikuwa mwepesi, basi.

Mwl_Mstaafu
Walikiri. Mtu hakiri asichofanya.

Mrombo_Mtoro
Mwalimu, mimi nilikiri kuvunja kioo cha bweni ambacho sikukivunja. Fimbo ilikuwa inaongea vizuri zaidi yangu.

Dada_Sakina
Mbona hamsemi ukweli? Shida ni lugha. Hivi vitu havijui Kiswahili, vinapaparika tu. Tukipata cha Kiswahili yameisha.

Njiro_Takwimu
Nusu yake ni kweli, dada. Kipimo kilichofunzwa kwa Kiingereza ukikipa Kiswahili, alama zake hazina maana ya kuaminika. Lakini kijitabu ni cha Kiingereza na bado kimenaswa. Ukitengeneza cha Kiswahili kwa insha za kidato cha nne, kitaugua ugonjwa uleule ukikipa mapishi.

Chuga_Kaloleni
Narudia: mtori bila maziwa ni uji.

Mama_Kibosho
Maziwa? Nani anatia maziwa kwenye mshare? Hebu nyamaza kabla sijafika Arusha.

Mrombo_Mtoro
Kwetu tunatia siagi kidogo mwishoni. Maziwa ni ya wagonjwa.

Dada_Sakina
Mrombo naye kawa mpishi. Jamani, barua pepe je? Mimi niliandika kuomba ruhusa ya msiba, mistari mitatu. Bosi kanijibu "mashine imekuandikia msiba". Nililia.

Njiro_Takwimu
Pole sana dada. Hapo kuna mambo mawili. Kwanza, barua za ofisini ni maneno ya kuazima: "Natumaini barua hii inakukuta salama", "naomba ruhusa kuanzia tarehe fulani". Kila mtu anayaazima, na mashine imeyaazima kwetu.

La pili ni urefu. Alama ni wastani wa maneno yote. Tuseme insha ina maneno 600, barua yako 40, yaani mara 15 pungufu. Kwa makadirio, wastani wa maneno machache huyumba kwa mzizi wa hiyo 15, karibu mara nne zaidi. Sentensi moja ya mazoea inakuvusha mstari. OpenAI wenyewe walitoa kipimo chao Januari 2023 wakaonya kwamba chini ya herufi 1,000 hakiaminiki kabisa. Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa usahihi mdogo.

Chuga_Kaloleni
Mimi nimejaribu kinyume. Nimeiambia ChatGPT iandike malalamiko ya daladala, nikageuza "sasa" kuwa "xaxa", nikafuta nukta zote. Kipimo: binadamu asilimia 99. Mnanipa PhD lini?

Njiro_Takwimu
Hiyo ndiyo hasara ya upande wa pili. Maandishi ya kijiweni yamejaa makosa na vifupisho, na kipimo kilicholelewa na insha safi huona kila fujo ni mtu. Mwizi anapita, mpishi anakamatwa.

Mwl_Mstaafu
Basi wausogeze huo mstari kwa mapishi. Si kazi kubwa.

Njiro_Takwimu
Mwalimu, inawezekana, ila kwanza tujue unasogezwa wapi. Mama Kibosho, una mapishi yako ya kabla ya Novemba 2022, ChatGPT haijatoka? Pitisha yote, hesabu yanayonaswa. Hayo ndiyo makosa halisi ya kipimo ofisini kwenu, tangazo lao liseme lisemavyo.

Mama_Kibosho
Nimerudi. Daftari lina 20, nimeyachapa usiku kucha kama yalivyo. Yamenaswa 9. Kisha nikaiomba mashine iandike 20 ya vyakula vilevile: yamenaswa 13.

Njiro_Takwimu
Ni machache kuyaamulia jambo kubwa, lakini tazama. Marundo mawili yamelaliana. Ukisogeza mstari hadi daftari lako lisinaswe zaidi ya moja, na ya mashine mengi yatapita. Kwa mapishi huenda hakuna mahali pazuri pa kuuweka. Kwenye insha marundo yalikuwa yameachana kidogo, ndiyo maana mwalimu kakiona kinafanya kazi.

Mwl_Mstaafu
Kidogo. Umesema kidogo. Wale vijana nitawatafuta.

Dada_Sakina
Mama, posho ulilipwa?

Mama_Kibosho
Nilimpelekea mkurugenzi daftari lenyewe, limelowa mafuta hadi jalada. Kasema atafikiria. Halafu kauliza kama nina mapishi ya machalari.

Chuga_Kaloleni
Machalari nayo mnatia maziwa au?