Mnacheza na "Unpopular opinion" mpaka mwenye hoja hasikiki

Nimekasirika na sifichi. Jumapili niliandika kwenye kundi la mtaa wetu hapa Nakuru: "Unpopular opinion: tupunguze michango ya matanga. Tusinunue fahali wa pili wakati marehemu ameacha watoto wanaodaiwa karo." Sentensi hizo nilizipima siku tatu, maana wazee wa kamati ya mazishi wamo humo, na mmoja ni baba mkwe wangu.

Jibu la kwanza: "Unpopular opinion: sipendi chai moto." La pili: "Uji wa wimbi umesifiwa kupita kiasi, njooni mnipige." Wakafuatana hivyo hadi usiku. Kuhusu matanga, hata mmoja hakusema kitu.

Utani huo naujua vizuri. Unatanguliza onyo zito, kana kwamba unakwenda kuvunja mila ya ukoo, kisha unatoa jambo lisilomgusa yeyote. Kicheko kinatoka kwenye pengo hilo. Ndiyo maana hauhitaji sababu. Ukianza kueleza chai imekukosea nini, umeshauharibu.

Lakini onyo hilo lilipata uzito kwa sababu kuna watu waliolitumia wakijua watatukanwa. Ninyi mnachota tu mtungini. Sasa mtu akiona maneno hayo tayari anacheka kabla hajafika kwenye nukta mbili, na mwenye neno zito anaonekana mchekeshaji aliyeshindwa.

Wabaya zaidi ni wale wa "Unpopular opinion: mama anastahili heshima." Huo si utani wala ujasiri. Nani Kenya hii anapinga? Anayesema hapendi chai angalau anajua anatania. Huyu anataka makofi ya shujaa kwa kusema tunachokubali sote.

MwalimuWaKapsabet: Dada, una haki, ila tatizo liko pia kwenye kura za mitandaoni. Watu hupigia kura wanachokubali, kwa hiyo maoni yanayopendwa ndiyo yanayopanda juu, na yasiyopendwa kweli yanazama. Reddit kuna kundi linaitwa r/The10thDentist, jina linatokana na matangazo ya dawa ya meno yanayosema madaktari 9 kati ya 10 wanaipendekeza. Wao wamegeuza sheria: ukipinga unampandisha mwandishi, ukikubali unamshusha. Hapo "mama anastahili heshima" haiendi popote. Mtu akiandika hapendi chai, anatakiwa aeleze na asimame nayo.

Jamaa_wa_Kondele: Utani huu ni wetu Wakenya. Sisi ndio tulioanzisha mambo ya chai.

MwalimuWaKapsabet: Chai ndiyo tuliyoiingiza sisi, kaka. Mtindo wenyewe uko hata kwa watu wasiojua chai ya maziwa.

MamaPendo: Pole mpenzi. Mimi pia chai iliniacha, vidonda vya tumbo. Jaribu maji ya uvuguvugu na ndimu asubuhi.

BintiWaMaragoli: Mimi napinga. Sipendi chai tangu utotoni. Nilipoolewa Vihiga, kukataa kikombe cha mama mkwe ilikuwa sawa na kusema nyumba yake ni chafu. Nilikunywa miaka miwili huku roho ikikataa. Siku moja nikaandika kwenye kundi la familia: "Unpopular opinion: sipendi chai." Wakacheka, wakanitania, na tangu hapo napewa uji. Ningesema kwa sauti ya kawaida, ingeitishwa baraza. Kwa hiyo msituambie ni jambo lisilo na madhara. Inategemea unasemea jikoni kwa nani.

Mwenye uzi: BintiWaMaragoli, hilo sikulifikiria, na limenigusa. Wewe ulikuwa na neno zito ukalivalisha utani ili lipite. Mimi nilikuwa na neno zito, wengine wakalivua nguo. Bado naona hasara ni yangu, lakini siwezi tena kusema kila sentensi ya chai ni mchezo. Kuanzia sasa nitaacha kichwa hicho, nitaandika "Napinga" na jina la ninachopinga.

Jamaa_wa_Kondele: Ukiandika "Napinga" wazee watakuita kabla hujamaliza chai yako.

Mwenye uzi: Waniite. Ndicho nilichotaka tangu Jumapili.

OtienoSiaya: Nimerudi juu nikasoma habari ya fahali, na mimi nakupinga kabisa. Kwetu watu wanatoka Mombasa, wanasafiri usiku kucha. Nyama ikiisha saa sita mchana, watasema marehemu alizikwa kama mtu asiye na watu. Hao watoto ndio watakaobeba maneno hayo, si wewe.

Mwenye uzi: Asante, kaka. Hatimaye mtu amejibu. Fahali wa kwanza sikumpinga. Wa pili alinunuliwa kwa mkopo, na mjane ndiye anayelipa. Niambie, kwenu Siaya deni la namna hiyo linabebwa na nani?