Kadi ya maelekezo inatunywesha kahawa chapwa juu ya barafu, na muuzaji anailaumu kahawa yangu

Mchuja_Jioni (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nimefungua uzi huu kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba tatizo ni ulimi wangu. Nilinunua seti ya kuchujia kahawa, yaani koni, karatasi zake na jagi la kioo, na ndani ya boksi mlikuwa na kadi ya maelekezo ya kahawa ya baridi, ile ambayo huchujwa ikiwa moto ikadondokea moja kwa moja juu ya barafu. Kadi inaagiza gramu 20 za kahawa na gramu 320 za maji ya moto, kama mtu anavyochuja siku zote, ila kwanza ajaze jagi barafu. Imeishia hapo.

Aliyeandika kadi hiyo hakujisumbua kujiuliza barafu inakwenda wapi. Katika gramu 320 za maji, machicha hubaki na takribani gramu 40, kwa hiyo zinazoshuka jagini ni kama gramu 280 za kahawa yenye moto. Moto huo wote ni lazima ulipwe na barafu, na barafu hulipa kwa kuyeyuka. Ukiwa na jagi lililojaa, utayeyusha zaidi ya gramu 200 kabla kinywaji hakijapoa, na mwishowe gramu zako 20 za kahawa zimegeuzwa kuwa nusu lita ya kinywaji. Hiyo si kahawa ya baridi. Ni maji yaliyopitishwa karibu na kahawa.

Nilimwandikia muuzaji. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba kahawa niliyotumia imekaangwa kidogo mno. Nilipombana kwa hesabu, alinitumia maelekezo mapya: punguza maji ya moto yawe gramu 200, weka barafu gramu 120, na mengine yote yabaki kama yalivyo. Nimefuata kwa mizani. Kinywaji hakina umajimaji ule wa mwanzo, nakubali, lakini sasa kina uchachu mkali mbele na hakina kitu nyuma. Nikimwambia hivyo, ananijibu kwamba jumla ya maji ni ileile gramu 320, kwa hiyo haiwezekani kiwe chapwa. Naomba mwenye ujuzi aniambie ni nani kati yetu anayeota.

Kaka_Mkavu

Mkuu, mbona unajitesa? Ongeza kahawa. Mimi huweka gramu 30 kwa maji hayohayo 200 na barafu hiyohiyo 120, na sijawahi kulalamika kwamba ni nyepesi. Barafu inazimua, wewe unakoleza, mmemalizana.

Mama_Birika

Samahani kwa kuingilia, lakini naona mnazungumzia gramu na moto wakati dawa ni subira. Saga kahawa yako chengachenga, iloweke kwenye maji ya baridi, uiache kwenye friji usiku kucha, kisha uichuje asubuhi. Haina uchachu hata kidogo, na hakuna barafu ya kuizimua.

Mchuja_Jioni

Mama, nakushukuru, na kahawa hiyo ya kulowekwa naifahamu, ila ni kinywaji kingine. Hiyo ni laini na nzito kwa sababu maji ya baridi hayang'oi uchachu na harufu zile zinazotolewa na maji ya moto, na mimi ninazitaka harufu hizo. Ndiyo maana inachujwa kwa moto na kupozwa papo hapo, kabla harufu hazijatoroka. Kaka_Mkavu, wewe umenijibu kama muuzaji: umetibu upungufu bila kuuliza umetoka wapi.

Fundi_wa_Koni

Mwanzisha uzi, unayo haki ya kukasirika, ila inafaa hasira yako uigawe mara mbili, kwa sababu umenyweshwa kahawa chapwa za aina mbili tofauti, na dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Ya kwanza, ile ya kadi, ilikuwa imezimuliwa tu. Kuyeyusha gramu moja ya barafu hula joto karibu sawa na lile la kupasha gramu hiyohiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Kahawa hufika jagini ikiwa karibu na nyuzi hizo 80, kwa hiyo kila gramu inayodondoka inaweza kuyeyusha takribani gramu nzima ya barafu ikiwa ipo. Barafu hiyo si chombo cha kupozea, ni sehemu ya maji ya mapishi, na anayeijaza bila kuipima hajui amepika nini. Katika hili muuzaji amejirekebisha sawasawa: kwenye gramu 200 za maji hupatikana kama 160 za kahawa, barafu 120 iliyotoka moja kwa moja kwenye friza huyeyuka karibu yote, na kinywaji hubaki chini ya nyuzi 10.

Ya pili ndiyo asiyoielewa. Jumla ya maji ni 320, sawa, lakini yaliyopita kwenye unga ni 200 peke yake. Barafu haijagusa unga wala haikung'oa ladha yoyote. Unga uliozoea kusuuzwa na maji mara 16 ya uzito wake sasa umesuuzwa na maji mara 10, tena kwa muda mfupi zaidi, kwa kuwa maji machache hupita upesi. Vinavyotoka mapema kwenye kahawa ni uchachu; utamu na uzito wa mdomoni huchelewa. Umekata mchujo kabla vya nyuma havijatoka, ndiyo maana unasikia uchachu mbele na utupu nyuma.

Kabla ya kubadili chochote, jihakikishie. Chuja gramu 200 zilezile za maji ya moto kwenye jagi tupu, kisha mimina gramu 120 za maji ya moto juu ya kahawa iliyokwisha kuchujwa, koroga, uonje ikiwa vuguvugu. Kikombe hicho kina unga na maji kwa kipimo kilekile cha kahawa yako ya kila siku. Kikiwa kichachu na kitupu, barafu haina hatia, na tatizo ni mchujo. Kikiwa kitamu, lakini kinywaji cha barafu kikawa chapwa, basi chunguza barafu yenyewe: huenda ilikuwa imeshaanza kuloa, kwani maji yaliyoishikilia huongeza uzito kwenye mizani bila kupoza kama barafu, na utajikuta ukiongeza vipande zaidi.

Kaka_Mkavu

Kwa hiyo gramu zangu 30 ni kosa?

Fundi_wa_Koni

Si kosa, ni nusu ya jibu. Gramu 30 zinakipa kinywaji ukali, na ukali huo unaufunika utupu. Lakini unga wenyewe unashika gramu 60 za maji, na yaliyobaki hayatoshi kuutoa utamu, hivyo unakunywa uchachu uliokolezwa huku kahawa nyingi ikiishia kwenye machicha. Onja machicha yako: yakiwa bado yana ladha kali ya kahawa, ujue umeyatupa na mali ndani yake.

Mimi hufanya hivi kwa gramu 20. Nasaga laini kuliko kawaida, hatua mbili au tatu kwenye kinu cha mkono, ila nisifikie unga wa vumbi. Maji ni ya kuchemka, yametulia kidogo tu, kwa kahawa iliyokaangwa kidogo. Nalowesha unga kwa gramu 50 na kuuacha sekunde 45, muda mrefu kuliko wa kahawa ya moto, kwa sababu kila tone litafanya kazi kubwa zaidi. Zilizobaki 150 nazimimina mara tatu, 50 kwa 50, nikisubiri maji yakaribie kuzama kabla ya kumimina tena. Ukimimina zote kwa mkupuo, maji yatapita pembeni na hesabu zako zote zitakuwa bure. Tone la mwisho lidondoke karibu na dakika ya tatu. Likivuka dakika ya nne na kinywaji kikakausha ulimi, umesaga laini kupita kiasi. Rudi hatua moja.

Kwa kahawa iliyokaangwa sana usifuate haya kibubusa, kwa sababu hiyo hutoa vyake upesi na itakulipa uchungu.

Bi_Zuwena

Mimi nina shida yangu. Napima kila kitu kama mnavyosema, lakini glasi ya kwanza ni maji kabisa na ya mwisho ni kali hadi nakunja uso. Ni barafu au ni kusaga?

Fundi_wa_Koni

Bi Zuwena, wewe huna shida ya mapishi, una shida ya kukoroga. Matone ya mwanzo ndiyo mazito, na hukaa chini. Ya mwisho ni mepesi, nayo huelea juu pamoja na barafu iliyoyeyuka. Ondoa koni, zungusha jagi hadi vipande viache kugongana kwa nguvu, ndipo umimine.

Mchuja_Jioni

Nimefanya jaribio la kikombe cha vuguvugu. Kilikuwa kichachu na kitupu vilevile, bila hata punje ya barafu. Nimemtumia muuzaji matokeo pamoja na maelezo ya Fundi, na amenijibu kwamba kadi "imeandikwa kwa urahisi wa mteja". Urahisi gani huo wa kuharibu kahawa na kumwachia mteja lawama? Mistari miwili ingetosha: pima barafu kama sehemu ya maji, na usage laini zaidi.

Nimesaga laini kwa hatua tatu na kumimina kama ulivyoagiza. Uchachu umeshuka na nyuma pana utamu. Ila bado naona kimepungua kidogo nikikilinganisha na kahawa hiyohiyo ikiwa ya moto.

Fundi_wa_Koni

Hapo baridi inakudanganya pia, kwa kuwa ulimi husikia utamu kwa shida kinywaji kikiwa baridi. Ndiyo maana mimi hushusha jumla hadi gramu 300, yaani maji ya moto 190 na barafu 110. Usiikate barafu peke yake ukaacha maji 200, kwani kinywaji hakitapoa vya kutosha na utalazimika kuongeza vipande mezani.

Kaka_Mkavu

Au aongeze gramu mbili za kahawa.

Fundi_wa_Koni

Gramu mbili sitakubishia. Kumi ndizo nilizozikataa.

Mchuja_Jioni

Nitajaribu zote mbili kwa unga wa mfuko mmoja. Kadi nimeirudisha kwa muuzaji ikiwa na masahihisho kwa wino mwekundu, na nimemtaka anijibu kwa maandishi kama boksi zilizobaki dukani zitaendelea kuuzwa na ile ya zamani.